Uzoefu wangu na Home Assistant: simu zililala, nyumba ikadhani tumetoka

Ninatumia Home Assistant kuendesha taa na kengele ya wezi nyumbani kwangu, na kwa muda mrefu sikuwa na la kulalamikia. Kazi niliyoithamini kuliko zote ni ile ya kutambua nani yupo na nani ametoka kwa kufuata simu zetu: wote tukishatoka, taa zinazimika na kengele inajiwasha yenyewe. Usiku mmoja, mama yangu aliyekuwa amekuja kutukalia siku chache aliamka kwenda kunywa maji, akapita mbele ya kihisi cha mwendo ukumbini, na king'ora kikalia nyumba nzima. Nilipofika ukumbini nilimkuta amesimama na bilauri mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, nyumba yako hainijui?"

Swali lake lilikuwa sahihi kuliko alivyokusudia. Nilipofungua ukurasa wa historia niliona kuwa simu ya mke wangu ilihesabiwa imetoka saa 7:48 usiku, yangu saa 8:02, na ya mama saa 8:11. Kwa hesabu ya mfumo, kuanzia saa 8:11 nyumba ilikuwa tupu, na kengele ikajiwasha kama nilivyoiagiza. Mama aliamka saa 8:50. Watu watatu walikuwa vitandani, na hakuna aliyekuwa amegusa kitasa cha mlango tangu saa 3:40 usiku.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba simu ya mama ndiyo iliyodumu muda mrefu kuliko zetu, ingawa ni ya zamani na betri yake imechoka. Rekodi ya betri ilinipa jibu. Simu hiyo ilikuwa kwenye chaja hadi saa 7:30, mama alipoamka kidogo, akaona imejaa, akaichomoa. Zetu hazikuwa kwenye chaja tangu tulipolala. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu za Android zina utaratibu uitwao Doze: simu isiyo kwenye chaja, iliyozimwa kioo na kutulia mahali pamoja, hupunguza mawasiliano yake hatua kwa hatua hadi inabaki kuamka kwa vipindi vifupi tu. Simu za chapa nyingine nazo hubana waifai kwa njia zao. Kwa hiyo simu iliyotulia kabisa kando ya mto wa kulalia, yaani ile ambayo mwenyewe yupo kwa uhakika mkubwa kuliko saa nyingine yoyote, ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kunyamaza.

Hapa ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa nimechagua njia ya `ping`, ambapo Home Assistant huigongea simu hodi kwenye mtandao wa nyumbani na kungoja iitikie. Njia hii haipimi kama mtu yupo. Inapima kama simu imejibu katika muda fulani uliopita. Muda huo huwekwa kwenye `consider_home`, na usipougusa ni sekunde 180. Simu ikinyamaza zaidi ya dakika tatu, mwenyewe huandikwa `not_home`. Simu ikijibu, hiyo ni hoja yenye nguvu kwamba ipo nyumbani. Ikinyamaza, huo si ushahidi wa lolote, kwa sababu aliyelala na aliyesafiri hunyamaza kwa namna moja. Nilikuwa nimeupa ukimya uzito uleule wa jibu.

Kabla ya kubadili chochote niliamua kujua ukimya wa simu yangu una urefu gani. Niliiweka mezani bila chaja, kioo kimezimwa, kisha kwenye kompyuta yenye Linux nikaandika amri hii na kuiacha kwa saa tatu:

```
ping -D -O -i 60 192.168.1.23
```

Amri hiyo hugonga mara moja kila dakika, huandika wakati wa kila jibu, na kutaja pia hodi ambazo hazikujibiwa. Nusu saa ya kwanza simu ilijibu karibu kila mara. Baada ya hapo mapengo yakaanza: dakika mbili, kisha tano, na pengo refu kuliko yote lilikuwa la dakika 14. Nilipoinua simu na kuwasha kioo, majibu yalirudi papo hapo, na hiyo ndiyo dalili inayotofautisha simu iliyolala na waifai mbovu. Waifai ingekuwa ndiyo tatizo, kuwasha kioo kusingesaidia kitu. Ninamshauri yeyote mwenye tatizo hili apime simu yake mwenyewe badala ya kunakili tarakimu zangu, kwani simu ya mke wangu, iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ilikuwa na pengo la dakika tisa tu.

Kwa kuwa pengo refu lilikuwa dakika 14, niliweka `consider_home` kuwa sekunde 1200, yaani dakika 20, ili pabaki nafasi ya usiku mbaya kuliko ule niliopima. Tahadhari hiyo ina gharama yake: mtu akitoka kweli, mfumo utachelewa dakika 20 kujua. Kwa taa sioni ubaya wowote. Kwa kengele ni muda mrefu, lakini niliukubali, maana kengele inayochelewa kujiwasha ninaweza kuiwasha kwa mkono, ilhali inayolia usiku wa manane inamfanya kila mtu nyumbani aichukie.

Hatua ya pili ilikuwa kuongeza shahidi mwingine. Programu ya Home Assistant ya simu inaweza kutuma mahali ilipo kwa GPS, nami nilikuwa nimeiweka bila kuipa ruhusa hiyo. Niliipa ruhusa ya kusoma mahali wakati wote, si wakati inapotumika tu, na nikaiondoa kwenye orodha ya programu zinazobanwa na mipangilio ya kuokoa betri. Kisha nikaviunganisha vyote viwili, `ping` na GPS, chini ya mtu mmoja kwenye `person`. Mpangilio wake wa kuamua ni wa busara: kama kifuatiliaji cha mtandao wa nyumbani kinasema yupo, basi yupo, kikinyamaza, neno la GPS ndilo linalofuatwa. Simu iliyolala kitandani ikipotea kwenye waifai, GPS ya mwisho iliyotumwa bado inaonyesha nyumbani, na mtu haandikwi ametoka.

GPS nayo ina kasoro zake. Ndani ya nyumba simu mara nyingi hukisia mahali kwa minara na waifai za jirani, na siku mbili tofauti nimeiona yangu ikiruka mtaa mzima kisha ikarudi. Eneo la nyumbani kwenye Home Assistant huanza na nusu kipenyo cha mita 100, na sikuthubutu kulipunguza. Jambo jingine dogo ambalo humpotezea mtu siku nzima ni anwani ya MAC: simu za kisasa huficha anwani yao halisi, kwa hiyo kama ruta yako inazitambua simu kwa anwani hiyo, au inazipa IP ya kudumu kwa kuitumia, zima ufichaji huo kwa mtandao wa nyumbani peke yake.

Hata hivyo, kilichouponya mfumo wangu ni kihisi kidogo cha sumaku mlangoni. Nyumba yetu ina mlango mmoja wa kutokea. Ikiwa watu walikuwamo na mlango haujafunguliwa, hakuna aliyetoka, hata simu zote zikinyamaza hadi asubuhi. Kwa hiyo kengele sasa haijiwashi kwa sababu ya ukimya peke yake, bali ni lazima mlango uwe umefunguliwa au kufungwa muda mfupi kabla yake:

```yaml
triggers:
  - trigger: numeric_state
    entity_id: zone.home
    below: 1
    for: "00:10:00"
conditions:
  - condition: template
    value_template: >
      {{ now() - states.binary_sensor.mlango.last_changed
         < timedelta(minutes=45) }}
```

`zone.home` ni idadi ya watu walio nyumbani. Ikishuka hadi sifuri na kukaa hivyo dakika 10, mfumo huuliza kama mlango umebadili hali ndani ya dakika 45 zilizopita. Dakika 45 sikuzibahatisha: ni 20 za `consider_home`, 10 za kungoja, na 15 za akiba. Nilipoupitisha usiku ule kwenye kanuni hii, idadi ilifika sifuri saa 8:11, dakika 10 zikaisha saa 8:21, na mlango ulikuwa umefungwa tangu saa 3:40, zaidi ya saa nne na nusu kabla. Kengele isingejiwasha. Tukitoka kweli saa 2:00 asubuhi, `ping` hukata tamaa yapata saa 2:22, kengele hujiwasha saa 2:32, na mlango bado umo ndani ya dakika 45.

Kanuni hii ina mashimo mawili niliyoyagundua baadaye. La kwanza ni kwamba Home Assistant ikiwashwa upya, `last_changed` huanza kuhesabiwa tangu wakati huo, na mlango uliofungwa jana huonekana kama umefungwa sasa hivi. Nimelitatua kwa kuandika wakati wa mlango kwenye `input_datetime`, ambayo haifutiki mfumo unapozimwa, na kuilinganisha hiyo badala ya `last_changed`.

La pili ni gumu zaidi. Mimi nikitoka alfajiri huku mke wangu amelala, na simu yake ikawa imeshapotea kwa njia zote mbili, mlango umefunguka kweli na masharti yote yametimia wakati mtu yumo ndani. Mlango hauwezi kujua ni nani aliyepita. Mtoto asiye na simu na mgeni wako katika hali hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kujiwasha, kengele sasa hutoa mlio mdogo kwa dakika moja na kutuma ujumbe wenye kitufe cha kusitisha kwenye simu zote, na mwendo wowote ndani ya nyumba dakika tano au zaidi baada ya mlango kufungwa huizuia mpaka mlango ufunguliwe tena. Mama anapokuja, nageuza swichi ya mgeni, na kengele haijiwashi yenyewe hata kidogo.

Tangu niweke kihisi cha mlango ni miezi saba, na king'ora hakijalia bure. Mara moja kengele ilikataa kujiwasha tulipokuwa safarini, kwa sababu betri ya kihisi ilikuwa imekwisha na mlango ukaonekana haujafunguliwa kwa siku mbili. Niliiwasha kwa mkono nikiwa njiani, na sasa mfumo hunitumia ujumbe betri hiyo ikishuka chini ya asilimia 20.