Uzoefu wangu na LibreCAD katika kuchora ramani ya dari ya nyumba

Mimi ni fundi umeme, si msanifu majengo. Ramani ya vyumba huwa naipata tayari kutoka kwa mteja, lakini ramani ya dari ni nadra kuletewa. Ndiyo maana nilianza kuichora mwenyewe kwa LibreCAD. Ni programu ya bure, inachora pande mbili tu, na kompyuta yangu ya zamani inaibeba bila kuhema. Nimeitumia kwa nyumba kadhaa hapa Morogoro, nami nitaieleza kwa kutumia sebule moja, kwa sababu ubora wake na upungufu wake vyote vilionekana humo.

Kwanza nieleze ramani yenyewe. Chukulia sakafu yote ni kioo, nawe umesimama unaitazama: dari unayoiona humo ndiyo unayoichora. Kwa hiyo haigeuki kushoto kwenda kulia; mlango uliopo upande wa mashariki kwenye ramani ya vyumba unabaki mashariki. Kwa LibreCAD hilo ni faida kubwa, kwani unachora dari juu ya ramani ileile ya vyumba. Unaifunga leya ya kuta, yaani tabaka la mchoro lenye kuta, isiguswe, kisha unaongeza leya zako. Za kwangu ni DARI, TAA, SWICHI, KIMO na BLANDARINI, yaani mbao zinazopigiliwa bodi za dari. Kabla ya chochote, weka vipimo viwe milimita kwenye Current Drawing Preferences, maana baadaye skeli ya kuchapisha inategemea hapo.

Sebule ilikuwa mita 4.8 kwa 4.2, dirisha likiwa kwenye ukuta mrefu. Mteja alitaka dari ya jipsamu yenye ngazi: ukanda wa chini wa milimita 600 kuzunguka chumba, katikati pamepanda, na feni hapohapo katikati. Kwenye karatasi ya daftari inaonekana rahisi. Lakini ukanda wa upande wa dirisha lazima ubebe sanduku la pazia, ambalo hula milimita 200. Ukiuacha ukanda huo kwenye 600, taa zilizo milimita 300 kutoka ukutani zinakaribia kugusa ubao wa sanduku, na mwanga unachora michirizi mikali kwenye pazia. Nikaufanya upande huo uwe 800. Sehemu iliyopanda ikabaki 3600 kwa 2800, na kitovu chake kikahama milimita 100 kutoka katikati ya chumba. Feni niliiweka kwenye kitovu cha sehemu iliyopanda, kwa kuwa jicho la mtu aliyeketi linaifuata ile ngazi, wala halipimi kuta.

Hapa ndipo programu ilinifurahisha. Taa moja ya kuzama niliichora kama duara lenye msalaba, nikaigeuza kuwa bloku, yaani alama moja inayoingizwa mara nyingi, yenye nukta ya rejea katikati. Unapoingiza bloku, LibreCAD inakuuliza safu na mistari na umbali kati yao. Nikaanzia kona iliyo mkabala na dirisha, 300 kutoka kila ukuta, nikaandika safu 4 kwa umbali wa 1400 na mistari 2 kwa umbali wa 3400. Taa nane zikakaa sawasawa kwa mara moja. Nikaongeza moja kila upande mfupi, usawa wa feni, zikawa kumi. Umbali wa 1400 si wa kubahatisha: mafundi wengi huanza na nusu ya kimo cha dari, na ukanda wa chini ulikuwa 2600; nusu yake ni 1300, nami nikasogea hadi 1400 ili nafasi zigawanyike sawa. Ukibadilisha bloku yenyewe, taa zote kumi zinabadilika.

Mteja akapendekeza nyongeza. “Fundi, na nne nyingine pale juu kuizunguka feni, zitapendeza.” Sikubishana naye. Nilichora duara la feni ya inchi 56, yaani kipenyo cha milimita 1400, kwenye leya yake, kisha nikaweka hizo nne anapotaka, 600 kutoka kitovu. Zote ziliangukia ndani ya duara. Maana yake ni kwamba panga la feni litakatiza mwanga kila linapopita, na chumba kitapepesa usiku kucha. Akaona mwenyewe, tukaachana nazo. Hata taa iliyo nje kidogo tu ya duara inaweza kupepesa, kwa kuwa mwanga wake unatawanyika kadiri unavyoshuka.

Swichi ninazichora upande wa kitasa cha mlango, si upande wa bawaba, ili mtu anayeingia asilazimike kuzunguka nyuma ya mlango uliofunguka kuitafuta. Kutoka kila swichi napitisha nyuzi zilizokatika-katika na kupinda hadi taa zake, kwa amri ya tao la nukta tatu, na kila kundi nalipa herufi: a kwa taa za ukanda, b kwa mwanga wa ngazi ya dari, c kwa feni. Zile nyuzi hazionyeshi njia ya paipu. Zinaonyesha tu swichi ipi inawasha nini. Andika hilo pembeni, vinginevyo kuna fundi atapasua ukuta akizifuata.

Sasa upungufu, na ndio unaoniuma. LibreCAD haijui kimo. “2900” kwake ni maandishi tu, wala haitakuambia kama haiwezekani. Mteja alitaka sehemu ya juu iwe 2900 kutoka sakafuni. Mbao za chini za kenchi zilikuwa mita 3 juu, lakini zimepimwa kutoka kwenye zege. Ondoa milimita 50 za plasta ya sakafu na vigae, zinabaki 2950. Ondoa blandarini ya 50 na bodi ya 9, zinabaki 2891. Hiyo 2900 haipo! Nikaandika 2850, nikiacha nafasi kwa kuwa kenchi hazikai usawa mmoja kamwe. Hesabu hiyo niliifanya kwa kuchora mkato mdogo wa ukuta pembeni mwa ramani, na sasa nauchora kila mara. Kila kimo nakitaja kuanzia sakafu iliyokamilika, na maneno hayo yanaandikwa kwenye ramani.

Leya ya blandarini inasaidia kwa jambo jingine. Ukiiwasha pamoja na TAA unaona tundu lipi litaangukia ubao, hivyo fundi wa dari anausogeza kabla ya kupigilia bodi. Ukiizima, fundi umeme anapata karatasi safi. Kwa kuchapisha, haina kurasa za mpangilio kama programu za kulipia; unachapa mchoro wenyewe kwa skeli. Natumia 1:50 kwenye A3, na maandishi nayapa urefu wa 125 ili karatasini yatoke milimita 2.5.

Faili linatoka kama DXF. Haliwezi kuhifadhiwa kama DWG, aina ya faili ya AutoCAD. Wasanifu niliofanya nao kazi wanalifungua bila shida, ila mara nyingine aina ya mistari inabadilika, kwa hiyo huwa naambatanisha PDF pia. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, ninaipa nne kati ya tano. Kwa dari za mteremko au ukumbi ulio wazi hadi ghorofani ningetafuta programu inayochora pande tatu, kwani mikato ya pembeni itakuwa mingi kuliko ramani yenyewe.