Uzoefu wangu na chatboti ya wakulima wa mahindi Kilosa: barua kwa mfadhili wetu

Dada habari za kazi, natumai nyumbani wote wazima. Ripoti yenye majedwali najua umeshaipata, hii nakuandikia pembeni kama mtu niliyeshinda na hii chatboti msimu mzima wa masika, maana kikao chenu cha awamu ya pili kinakaribia na sitaki muamue kwa kuangalia ukurasa wa kwanza tu.

Naanza na ile namba kubwa ya "maswali yaliyojibiwa". Naomba usiibebe kikaoni peke yake. Dashibodi ya kampuni iliyotutengenezea mfumo inahesabu kila meseji ambayo mashine imeirudishia chochote, yaani mkulima akiandika "mambo" ikamjibu "poa, karibu", hilo limejibiwa, akisema asante limejibiwa tena, na aliyeuliza mbolea akapewa jibu la kumtia hasara naye limejibiwa, linaingia kapu moja na majibu mazuri. Ndo maana tukamuomba bwana shamba akae na sisi, tukaokota meseji bila kuchagua, tukatoa salamu, zilizobaki akazisoma moja moja na kuandika pembeni: sahihi, pungufu, au hatari. Hesabu yake iko jedwali la tatu na ndo ya kuamini, ni ndogo sana ukilinganisha na ya dashibodi.

Palipofanya kazi vizuri ni kwenye viwavijeshi vamizi, na hapa nasema kwa moyo mweupe hela yenu haikupotea. Hawa wadudu tunao Tanzania tangu 2017 lakini bado watu wengi wanawachanganya na funza wa mabua. Chatboti haikukimbilia kutaja dawa, ilikuwa inauliza kwanza: kichwani kuna alama kama Y iliyopinduliwa? Karibu na mkia kuna madoa manne meusi yamekaa kama pembe za mraba? Katikati ya majani machanga unaona uchafu kama unga wa mbao uliolowa? Mkulima anaenda kufunua mmea, anarudi na jibu, kisha anaambiwa apige dawa asubuhi mapema au jioni na asisubiri, kwa sababu kiwavi akishakuwa mkubwa anazama ndani kabisa na dawa haimfikii. Maswali mengi ya aina hii yalikuja usiku, muda ambao huwezi kumpigia bwana shamba, na alipoyapitia alikuta karibu hana cha kurekebisha.

Sasa mbolea. Hapa ndo pameniuma, nakueleza taratibu uone lilivyotokea.

Mkulima anauliza, "ekari moja ya mahindi naweka DAP kiasi gani kupandia?" Chatboti inajibu kilo 125. Jibu limenyooka, Kiswahili safi, halina wasiwasi hata kidogo. Lakini mwongozo tuliowapa ulisema kilo 125 kwa hekta, na hekta moja ni ekari 2.47, kwa hiyo ekari inataka kama kilo 50, mfuko mmoja. Aliyefuata lile jibu alitakiwa anunue mifuko miwili na nusu kwa kila ekari, na hapo hatujazungumzia kwamba DAP ikizidi shimoni na kugusa mbegu inaiunguza, unakuta mistari mizima haijaota na mtu anailaumu mbegu.

Chanzo chake si kwamba mashine haijui hesabu. Ule mwongozo una jedwali, na neno "kwa hekta" limeandikwa mara moja tu juu kabisa. Mfumo ulipoingiza nyaraka ulizikata vipande vipande, kichwa cha jedwali kikabaki kipande kimoja na mistari ya namba ikaenda kipande kingine. Swali likija unaokotwa ule mstari wenye 125 ambao hauna kipimo, na kwa kuwa mkulima ametaja ekari, mashine inabandika ekari. Kwenye kuukagua mfumo kabla ya kuanza hakuna aliyeligundua kwa sababu maswali ya majaribio yalitoka ofisini, na ofisini watu wanauliza kwa hekta! Kijijini nani anaongea hekta?

Namna ya kulijua ni rahisi na ningependa muitumie kwa kila mradi wa aina hii mnaoulipia: uliza swali moja mara mbili, kwanza kwa ekari halafu kwa hekta. Namba zikifanana, mfumo umeoza hapo. Tulipoliona tulizima majibu yote ya vipimo siku hiyo hiyo, tukawatumia meseji ya kusahihisha wote waliouliza mbolea, na waliokuwa hawajapanda bwana shamba aliwapigia simu. Wapo ambao walikuwa wameshaweka. Hao wametajwa kwenye ripoti kwa kata, naomba sehemu hiyo isifupishwe mkiipeleka juu. Baadaye jedwali tuliliandika upya, kila mstari na kipimo chake, kwa ekari na kwa mifuko, na kwa kizibo cha soda kila shimo maana ndo kipimo cha watu shambani.

La pili ni gharama za wale wa kitochi, ambao wengi wao ni kina mama, kwa sababu ile simu ya WhatsApp nyumbani anayo baba. Bajeti ya meseji iliisha kabla ya palizi ya pili na kwenye hesabu zenu inaonekana kama watu wametumia sana. Hapana. Meseji ya kawaida ikiwa na herufi za kawaida tu inabeba 160, na ikiwa ndefu inakatwa vipande vya 153. Ikiingia alama moja tu ya nje ya zile herufi, meseji yote inashuka hadi 70, na vipande vinakuwa vya 67. Chatboti ilikuwa inaandika "ng’oa" na "ng’ombe" kwa ile koma ya juu iliyopinda, sio ile iliyonyooka (') ya kawaida. Basi jibu la herufi 300 ambalo lingekuwa vipande viwili linakuwa vitano, na kila kipande kinalipiwa. Kwa Kiswahili chenye ng' kila mahali fikiria mwenyewe. Dawa yake ni mstari mmoja wa kubadilisha ile koma kabla meseji haijatoka, kampuni wameshauweka na bili imeshuka, lakini hela iliyokwisha kuondoka imeondoka, na wale kina mama walikaa bila huduma kipindi ambacho viwavi walikuwa wengi.

Kwa hiyo maoni yangu dada, sehemu ya wadudu iendelee na iongezewe hela ya meseji za kitochi. Vipimo vya mbolea na dawa visijibiwe na mashine kwa kutunga, kiwe ni kibao kimoja kilichopitishwa na bwana shamba na mashine ikisome kilivyo, na bwana shamba mwenyewe alipwe posho na bando, maana maswali yaliyomshinda roboti yalikuwa yanamngoja yeye na mara nyingine hana hata salio la kujibu. Kwenda wilaya nyingine, mimi napendekeza tusiende masika ijayo. Ile laini ya bajeti ya kupanua ihamishiwe kwenye kulipa watu wa kusoma majibu kila wiki hapa hapa Kilosa. Nimeambatanisha bajeti iliyorekebishwa, naomba majibu yako kabla ya mbegu kuanza kuuzwa.