Uzoefu wangu na kitufe cha Replace All kwenye hati za ardhi

Mimi ni karani katika ofisi ndogo ya wakili hapa Bombo. Nyumbani na sokoni tunazungumza Kiswahili, lakini hati za mahakama na mikataba ya ardhi Uganda huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya Kiingereza mtakayoyaona hapa ni yale yaliyokuwa kwenye skrini yangu. Ninakieleza kitufe kimoja tu cha programu ya kuandikia hati, Microsoft Word: `Replace All`, kinachobadilisha neno kila lilipo kwa mara moja, nacho hupatikana ukibonyeza `Ctrl+H`. Nimekitumia kwa miaka mingi, na bado nakitumia. Ila kuna siku kilikaribia kumfanya mama mmoja aonekane hajawahi kukubali shamba lake liuzwe.

Majina ya wateja nimeyaficha. Muuzaji wa zamani tumwite Ali, muuzaji mpya tumwite Musa, na mke wa Musa tumwite Alice. Yana herufi zinazoonyesha tatizo sawasawa na yale ya kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Wakili aliniambia nichukue mkataba wa mauzo tulioandika mwaka uliotangulia, niubadilishe uwe wa Musa. Nilianza na sehemu mpya: bei, mipaka, jina la mnunuzi, na ukurasa wa ridhaa ya mke, kwa sababu sheria ya ardhi hairuhusu ardhi ya familia iuzwe bila mwenzi kukubali. Jina la Alice nikaliandika pale kwa mkono wangu. Mwisho kabisa nikabonyeza `Ctrl+H`, kwenye `Find what` nikaandika `Ali`, kwenye `Replace with` nikaandika `Musa`, kisha `Replace All`. Programu ikaniambia imebadilisha mahali 43. Nikafurahi, nikafunga sanduku.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Mkataba wa kurasa sita hauwezi kumtaja muuzaji mara 43. Baadaye nilihesabu kwenye nakala ya zamani, nikakuta jina lake liko mara 19 tu. Nyingine karibu zote zilikuwa herufi a-l-i zilizolala ndani ya maneno mengine. Kompyuta haijui jina la mtu. Inajua herufi zinazofuatana. Neno `validity` likawa `vMusadity`, `nationality` likawa `nationMusaty`, na `alienate`, neno ambalo mkataba wa ardhi haulikosi, likawa `Musaenate`.

Maneno hayo niliyaona haraka, kwa sababu yalipigiwa mstari mwekundu. Nilirekebisha moja baada ya jingine, nikadhani nimemaliza. Kilichonipita ni vitu viwili. Kwanza, kichwa cha kifungu kilichoandikwa kwa herufi kubwa tupu: `VMUSADITY OF THIS AGREEMENT`. Programu yangu ilikuwa imewekwa tangu mwanzo iyaache maneno ya herufi kubwa bila kuyakagua, kwa hiyo hapakuwa na mstari wowote chini yake. Na katika hati za sheria, vichwa karibu vyote ni herufi kubwa.

Cha pili ndicho kilichoniumiza. Alice alikuwa amegeuka kuwa `Musace`. Mstari mwekundu ulikuwepo, lakini hati zetu zimejaa mistari hiyo: majina ya Kiganda, ya Kinubi, ya vijiji, ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, yote programu huyaona makosa. Jicho la karani huzoea kuyaruka. `Musace` likakaa pale kama jina jingine la mtu.

Siku ya kutia sahihi walikuja wote, na mashahidi wao. Yule mama alivaa miwani, akaanza kusoma ukurasa wake polepole kwa kidole. Akaniinulia uso. “Mwanangu, huyu Musace ni nani?”

Nikamwambia, “Nisamehe mama, ni kosa langu la kuchapa.”

“Basi mimi siwekei sahihi jina la mtu nisiyemjua,” akasema, akairudisha karatasi mezani. Alikuwa na haki. Kitambulisho chake cha taifa kinasema Alice. Kama angetia sahihi, leo mnunuzi angekuwa na ridhaa ya mtu ambaye hayupo, na yeyote anayetaka kuupinga mkataba ule angekuwa na pa kuanzia.

Kwa haraka nikafanya kosa jingine: nilitaka kurudi nyuma kwa kubadilisha `Musa` yote iwe `Ali`. Hairudi hivyo. Alice alipona, lakini Musa wa kweli, pamoja na wale niliowaandika kwa mkono, wote wakawa Ali. Kubadilisha kwa jumla hakuna njia ya kurudia ila `Ctrl+Z` kabla hujafunga faili. Tukaahirisha hadi kesho yake, nami nikaandika upya kutoka nakala ya zamani.

Wengi watasema dawa ni kuweka alama kwenye `Find whole words only`. Ni kweli ingemwokoa Alice, na ingeyaokoa `validity` na wenzake. `Match case` peke yake isingemwokoa, maana jina lake nalo linaanza na A kubwa. Lakini hata neno zima lina mpaka wake. Katika mkataba ule ule shahidi mmoja alikuwa na Ali kama jina la pili, naye akawa Musa, jina safi kabisa. Hakuna mstari mwekundu utakaokuonyesha kwamba shahidi amegeuzwa. Kwa majina ya watu sasa natumia `Find Next` na kuamua kila mahali peke yake. Mara 19 hazichukui hata dakika tano.

Namba ni hatari zaidi, kwa sababu hazina tahajia. Tangu toleo jipya la sheria za Uganda lilipoanza kutumika Julai 2024, sura za sheria zimepewa namba mpya. Sheria ya ardhi iliyokuwa `Cap. 227` sasa ni `Cap. 236`. Mwenzangu alibadilisha `227` kuwa `236` katika hati ya madai, na kiwanja `Plot 2274` kikawa `Plot 2364`, yaani kiwanja cha mtu mwingine. Pia akaugusa mstari ulionukuliwa kutoka hukumu ya zamani, ambamo jaji alitaja namba iliyokuwepo wakati wake. Nukuu haiguswi. Tafuta `Cap. 227` yote pamoja, na ukifika kwenye nukuu, ruka.

Kabla ya kuprinti siku hizi nawasha `Use wildcards` na kutafuta hivi:

```
[a-z][A-Z]
```

Hiyo inakamata herufi ndogo iliyofuatwa na kubwa, kama kwenye `vMusadity`. Vichwa haivikamati, wala maneno kama `Musace` na `Musaenate`, kwa hiyo hivyo bado navisoma kwa macho. Na mikataba ya kuanzia nimeiondolea majina ya watu kabisa, nikaweka alama ambazo haziwezi kupatikana ndani ya neno lolote:

```
[[muuzaji]]
[[mke_wa_muuzaji]]
[[shahidi_1]]
```

Kwa alama hizi `Replace All` nakipa nyota tano: kinafanya kwa sekunde moja kazi ya nusu saa, wala hakimgusi mtu asiyehusika. Kwa majina ya watu moja kwa moja, au namba tupu, nakipa nyota moja. Yule mama alirudi kesho yake saa nne, akasoma tena kwa kidole, safari hii kurasa zote sita, ndipo akaomba kalamu.