Nililipia kusahihishiwa milinganyo ya kemia, nikarudishiwa vema kwenye kosa

Kama umelipwa kusahihisha milinganyo ya kemia na hujui kujumlisha chaji, rudisha hela za watu. Nimejaribu kusubiri hasira ipoe kabla sijaandika haya. Haikupoa.

Huduma yenyewe wengi mnaijua ilivyo. Mwanafunzi anaandika kazi kwa mkono, unapiga picha kurasa zake, unatuma, unalipa kwa simu, na baada ya siku kadhaa zinarudi zimepitiwa kwa wino mwekundu. Bei sina ugomvi nayo. Binti yangu yuko kidato cha tatu, na darasa lao ni kubwa kiasi kwamba mwalimu hawezi kupitia kila mstari wa kila daftari. Mimi nimekuwa fundi wa maabara ya shule kwa miaka mingi, ningeweza kumsahihishia mwenyewe, ila watoto mnawajua: akisema mtu wa nje linaingia, akisema mama ni kelele. Nikalipa.

Kurasa za mwanzo zilirudi vizuri. Balaa lilianza tulipofika kwenye milinganyo ya ioni. Binti alipewa swali la kipande cha alumini kilichotumbukizwa kwenye mmumunyo wa kloridi ya shaba, akaandika hivi:

Al(s) + Cu²⁺(aq) → Al³⁺(aq) + Cu(s)

Ukarudi na vema. Kubwa, jekundu, na neno "safi" pembeni.

Hebu utazameni huo mstari. Alumini ni moja kushoto na moja kulia. Shaba ni moja kushoto na moja kulia. Alama za hali ziko sawa zote: metali ni mango, ioni zimo ndani ya maji. Anayehesabu atomu peke yake hataona kosa hata akikesha. Sasa jumlisha chaji. Kushoto alumini haina chaji, ioni ya shaba inayo +2, kwa hiyo jumla ni +2. Kulia ioni ya alumini inayo +3 na shaba haina kitu, jumla ni +3. Chaji moja imezuka katikati ya mshale, na hakuna mmenyuko unaozusha chaji. Maana yake kuna elektroni iliyotolewa ambayo hakuna aliyeipokea.

Ukishalijua hilo, dawa yake ni fupi. Kila atomu ya alumini inatoa elektroni 3. Kila ioni ya shaba inapokea 2. Namba ndogo kabisa ambayo 3 na 2 zote zinaigawa ni 6, kwa hiyo tunahitaji alumini 2 za kutoa elektroni 6, na ioni 3 za shaba za kuzipokea:

2Al(s) + 3Cu²⁺(aq) → 2Al³⁺(aq) + 3Cu(s)

Kushoto 3 mara +2 ni +6. Kulia 2 mara +3 ni +6. Kwisha. Ni hesabu ya dakika moja, na ndiyo hiyo niliyoilipia.

Nikaandika ujumbe kwa adabu zote: mwalimu, samahani, naomba muangalie tena mstari huu, naona chaji haijalingana. Jibu lililorudi nimelihifadhi mpaka leo: "Mama, sisi tunahesabu atomu, na atomu zimelingana. Mwache mtoto asome." Nikavumilia. Nikamtumia mlinganyo uliosawazishwa kama nilivyouandika hapo juu. Akajibu: "Huo wako ndio wenye kosa. +6 haijasawazika. Chaji lazima iwe sifuri kila upande."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Kutojua ni jambo moja, lakini kumkaripia mzazi kwa kanuni ambayo haipo ni jambo jingine kabisa. Kanuni inasema jumla ya chaji kushoto iwe *sawa* na jumla ya chaji kulia. Haisemi iwe sifuri. Wakati mwingine inaangukia sifuri, wakati mwingine ni +6, wakati mwingine ni namba hasi, na zote ni halali mradi pande mbili zifanane.

Na najua kanuni hii ya uongo inatoka wapi, kwa sababu nimeisikia kwa wanafunzi mara nyingi. Wanajua kwamba mmumunyo ulioko kwenye bika kwa ujumla hauna chaji, na hilo ni kweli. Wanachosahau ni kwamba mlinganyo wa ioni hauandiki kila kilichomo kwenye bika. Mlinganyo mzima wa mmenyuko huu ni 2Al(s) + 3CuCl₂(aq) → 2AlCl₃(aq) + 3Cu(s). Ndani yake zimo ioni 6 za kloridi, kila moja na chaji yake ya −1. Zipo kabla na zipo baada, ziko vilevile, hivyo tunaziondoa pande zote mbili. Ile +6 inayobaki ndiyo inayolingana na −6 ya kloridi tulizoziacha nje. Ukilazimisha sifuri itabidi ubuni kitu ambacho hakipo, na mtoto mwerevu anayetaka kumridhisha msahihishaji atabuni kweli.

Kwa hasira hiyo nilirudi kwenye kurasa zote za ioni nikazipitia upya kwa kalamu yangu, na nilichokiona kilinizidishia. Huyu bwana alikuwa hasomi mwandiko. Kusahihisha mlinganyo wa mkono si sawa na kusahihisha uliochapwa. Kwanza lazima ujue mtoto ameandika nini hasa. Binti ana tabia ya kuandika chaji ikiwa kubwa na chini, usawa mmoja na herufi, hadi Cu²⁺ inasomeka kama atomu mbili za shaba zenye chaji moja. Mahali pengine ile alama ya kujumlisha iliyo kati ya vitu viwili imegusana na alama ya chaji, huwezi kujua ipi ni ipi. Pabaya kuliko pote ni hapa, kwenye mashapo ya bluu ya hidroksidi ya shaba:

Cu²⁺ + 2OH⁻ → Cu(OH)₂

Hapa aliacha alama za hali, na kile kistari cha chaji cha OH kikaungana na mkia wa mshale. Kwenye karatasi inaonekana 2OH, kisha mshale mrefu. Ukiisoma ilivyo, kushoto ni +2 na kulia ni sifuri. Angeandika OH⁻(aq), mabano yangesimama kati ya kistari na mshale na chaji ingebaki pale ilipo. Nilitegemea msahihishaji azungushie duara pale na kuandika "chaji iko wapi?" Alipiga vema akapita. Kwenye mtihani msahihishaji hana muda wa kukisia ulimaanisha nini.

Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa tayari: msipeleke kazi zenu huko. Nilikuwa nimeshaanza kuwaambia wazazi wenzangu.

Lakini haki ni haki, na lazima niseme kilichofuata. Nilikuwa na ukurasa mmoja niliokwisha kuulipia, wa maji ya chokaa, nikautuma ili usipotee bure. Ukaangukia kwa msahihishaji mwingine wa hukohuko, mwalimu wa kike kwa jinsi alivyojitambulisha. Binti alikuwa ameandika mmenyuko wa kwanza, maji ya chokaa yanapogeuka maziwa, bila kosa:

Ca(OH)₂(aq) + CO₂(g) → CaCO₃(s) + H₂O(l)

Halafu ule wa pili, gesi ikiendelea kupulizwa mpaka maziwa yanaondoka:

CaCO₃(s) + CO₂(g) + H₂O(l) → Ca(HCO₃)₂(s)

Hesabu atomu: kalsiamu 1 na 1, kaboni 2 na 2, oksijeni 6 na 6, hidrojeni 2 na 2. Chaji hakuna pande zote. Yule wa kwanza angepiga vema na kuandika "safi" yake. Mwalimu huyu alizungushia duara ile (s) ya mwisho na kuandika chini yake: "Mwanangu, weupe unaouona ni chembe za mango. Kama mwisho nao ni mango, maji yamewezaje kuwa maangavu tena?"

Nilisoma sentensi hiyo nikakaa chini. Hakumwandikia jibu. Alimrudisha kwenye bomba la majaribio. Binti alifikiri muda, akafuta, akaandika (aq), kisha akaniuliza kwa nini basi hatuna chupa ya kitu hicho kikavu kule maabara. Nikamweleza kwamba hidrojenikaboneti ya kalsiamu ipo kwenye maji tu. Ukichemsha maji hayo inavunjika, kabonidayoksaidi inatoka, na unabaki na ule weupe wa kaboneti, uleule unaoganda ndani ya birika kwa watu wanaotumia maji magumu. Swali kama hilo hakuwahi kuniuliza mwaka mzima.

Mwalimu huyo alisema jambo jingine pia, kwamba kila mlinganyo wa ioni auandikie hesabu ya chaji pembeni, kushoto ngapi na kulia ngapi, na asivuke mstari mpaka namba hizo zifanane. Na kwamba chaji ziandikwe juu na ndogo, kisha alama ya hali ifuate baada yake, si kabla. Mambo mawili tu, na kurasa zilizofuata zilikuwa za mtu mwingine.

Basi niseme nini? Kwa mwalimu yule ningelipa hata mara mbili, na nasema kwa moyo wangu wote. Tatizo ni kwamba huchagui. Unalipa bei ileile, unatuma picha, na kazi inaangukia kwa yeyote aliye zamu. Niliwaomba wanipe yule mwalimu, wakasema utaratibu hauruhusu. Niliwaomba waifute ile vema ya alumini na kumwandikia mtoto kwamba ilikuwa kosa, kwa sababu mtoto huamini wino mwekundu kuliko mama. Wakanijibu watalifanyia kazi, wakakaa kimya. Kila nikilikumbuka lile jibu la "mwache mtoto asome," ile nia njema yangu inapungua, na naona kwamba huduma yenye mwalimu mzuri mmoja na mwingine anayefundisha kanuni ya uongo ni hatari kuliko kutokuwa na huduma, maana mwanafunzi hawezi kuwatofautisha.

Kwa sasa nawatumia kurasa zisizo na ioni. Za ioni tunakaa wenyewe mezani usiku, na binti ndiye anayenisomea chaji kwa sauti.