Wastani unaosogea au mediani?

Kwenye seva yetu hapa Kampala, muda wa kujibu, ukipimwa kila dakika kwa dakika 5, ulikuwa milisekunde 120, 130, 125, 2000 na 128, na kikomo cha tahadhari ni 400. Wastani unaosogea wa thamani 5 za mwisho ulifika takriban 501, ukamwamsha mhandisi wa zamu usiku, na ungebaki juu hadi ile 2000 itoke kati ya hizo 5, yaani dakika 5 nzima. Mediani, yaani thamani ya katikati zote 5 zikipangwa kwa ukubwa, ilisoma 128, ikanyamaza, nami kwa zamu za usiku naichagua hiyo.

Hata hivyo, mediani hiyo hupiga kengele pale tu thamani 3 kati ya 5 zinapovuka kikomo, hivyo hitilafu ya kweli huchelewa kuonekana, na ile inayojirudia dakika 2 katika kila 5 haitaonekana kamwe.