Miezi mitano kwenye orodha ya kusubiri mashine ya kutotolesha: uzoefu wangu

Naanza na alama: nyota nne kati ya tano, na bidhaa yenyewe sijaigusa. Ninachokipima hapa ni ukurasa wa kuitangaza na jinsi walivyotushughulikia sisi tulioandikisha majina. Kampuni siitaji. Ni vijana wachache wenye karakana, na huko chini kuna mahali nimewasema.

Mimi mchana natengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo. Jioni nafuga kuku wa kienyeji na kuroila nyuma ya nyumba, Kibaha. Natotolesha kwa sanduku la mbao lenye balbu mbili na beseni la maji, na umeme ukikatika usiku naamka kufunika sanduku kwa blanketi. Kwa hiyo jamaa yangu aliponitumia kiungo cha mashine ya mayai 96 inayohimili kukatika kwa umeme, nilikifungua kama mteja. Dakika mbili baadaye nilikuwa nakisoma kama fundi wa kazi hiyohiyo.

Juu kabisa pameandikwa: "Mashine ya mayai 96 isiyoogopa umeme kukatika. Bado tunaijaribu." Chini yake kuna picha ya mashine halisi, kifuniko kimefunguliwa, nyaya zinaonekana, na kona moja imeshikwa na selotepu. Hakuna picha ya kuchorwa kwenye kompyuta inayong'aa kama gari jipya. Mtu anayefuga akiona ile selotepu anajua mara moja kwamba kitu kipo na kwamba hakijaisha. Aya tatu za maelezo zisingemwambia zaidi ya hapo.

Tarehe hakuna. Badala yake kuna hatua nne: sampuli, majaribio kwa wafugaji, vipimo vya TBS, kuagiza. Hatua ya pili imepakwa rangi, na chini yake kuna sentensi moja ambayo ndiyo iliyonifanya niandike uzoefu huu: "Tutatoka hapa mashine 5 zikishatotolesha mara 3 mfululizo, kila moja ikitoa vifaranga wasiopungua 80 kwa kila mayai 100 yenye mbegu."

Fikiria sentensi hiyo inafanya nini. Yai la kuku linataka siku 21, na hakuna mtu wa kulihonga liharakishe. Mizunguko mitatu ni siku 63. Ongeza siku nne kila katikati za kuosha trei, kukausha na kukusanya mayai mapya, unafika siku 71. Na neno "mfululizo" lina maana kwamba mzunguko mmoja ukiharibika unarudi sifuri. Ukishajua hayo huwezi kuuliza "lini?" bila kujicheka, maana unaona kwamba hata wao hawajui, na unaona kwa nini. Kitu pekee walichosema kuhusu muda ni "si kabla ya wiki 10". Nimeanza kuiba maneno hayo kwenye kazi zangu. Ukisema "si kabla ya" umeweka mpaka wa chini, na mpaka wa chini haukuumbui hata ukichelewa mwaka.

Najua upande wa pili wa jambo hili kwa sababu niliwahi kuaibika nao. Mteja mmoja alikuwa anasubiri kontena la majiko ya gesi akataka ukurasa wenye saa ya kuhesabu kurudi nyuma: siku, saa, dakika, sekunde. Nikaiweka, ikapendeza, watu wakaisambaza. Kontena likakwama bandarini. Saa ikafika sifuri usiku wa manane, na kwa kuwa sikuwa nimeandika sharti la kuisimamisha, ikaendelea. Asubuhi ukurasa ulisomeka "siku -1, saa -7". Picha yake ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuliko tangazo lenyewe lilivyowahi kuzunguka. Tulipoiondoa, wateja walituuliza kama tumefunga biashara.

Wakubwa pia huteleza. Kampuni ya Valve walipofungua nafasi za Steam Deck, mashine yao ya mkononi ya kuchezea michezo ya kompyuta, Julai 2021, kwa dola 5 ya kushikia nafasi, walisema mashine za kwanza zitatoka Desemba. Novemba wakatangaza zinasogea hadi Februari 2022 kwa sababu vipuri havipatikani. Ila kila mtu alibaki na nafasi yake kwenye foleni, na nadhani hilo ndilo lililopoza watu. Tarehe ilihama, lakini hakuna aliyerukwa.

Nije kwenye kujiandikisha. Fomu iliuliza namba ya simu, wilaya, na swali moja: "Sasa unatotolesha kwa njia gani?" Majibu yalikuwa matatu: kuku mwenyewe, sanduku la kienyeji, mashine ya dukani. Hawakuuliza barua pepe, jina la ukoo wala kipato. Hilo swali moja halikuwa la mapambo. Tuliojibu "sanduku la kienyeji" tuliletewa baadaye maelezo ya jinsi ya kupima joto usawa wa mayai badala ya juu ya sanduku, ambapo kipimo kinakudanganya. Nikasogeza kipimajoto changu chini nikakuta naendesha sanduku kwa nyuzi karibu 36 wakati nilidhani niko 37.5. Sijanunua kitu, na tayari vifaranga wangu wameongezeka.

Fedha hawakuchukua. Bei wameandika kwa mtindo uleule wa mpaka, safari hii wa juu: "haitazidi laki sita." Wakipata vipuri kwa bei nzuri watashusha na tutawashukuru.

Walichoahidi kwa tarehe ni meseji. "Tutakuandikia mwisho wa kila mzunguko, habari ikiwa nzuri au mbaya." Hiyo ndiyo ahadi pekee yenye kalenda, na ni ahadi iliyo mikononi mwao, haitegemei yai wala bandari wala ofisi ya mtu. Mzunguko wa kwanza mashine zote tano zilivuka. Wa pili ikaja meseji hii, na nimeihifadhi:

"Mzunguko wa 2 umeshindwa. Mashine iliyofanya vibaya zaidi: mayai 96, yenye mbegu 83, vifaranga 51. Feni ilisimama siku ya 16 na kengele haikulia. Tunabadilisha feni, kisha tunaanza kuhesabu upya."

51 kwa 83 ni kama 61 kwa 100. Mfugaji yeyote anaelewa kilichotokea: kufikia wiki ya tatu kifaranga ndani ya yai anatoa joto lake mwenyewe, na hewa isipozunguka mayai ya katikati yanaungua huku ya pembeni yakipoa. Jamaa yangu aliyenitumia kiungo alikata tamaa siku hiyo. Mimi ndiyo siku niliyoamua nitanunua. Mashine za dukani za aina hii nimeona tatu kwa majirani, zote zina feni, na hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia inakuwaje feni ikisimama. Hawa wameniambia kabla hata sijalipa.

Ona pia jinsi meseji ilivyoandikwa. Hakuna "tunaomba radhi kwa usumbufu", hakuna "tuko mbioni". Kuna namba, sababu, na hatua inayofuata. Na ukurasa wenyewe ulibadilishwa siku hiyohiyo. Alama ya tiki ya mzunguko wa kwanza ikaondolewa, pakabaki duara tatu tupu. Kuondoa tiki yako mwenyewe mbele ya watu kunahitaji moyo.

Sasa malalamiko, maana nyota moja haikupotea bure.

La kwanza ni foleni. Nilipojiandikisha nilipewa namba 412, na ukurasa unasema wazi kwamba kila mkupuo utakuwa wa mashine 60. Nikapiga hesabu: niko mkupuo wa saba. Sawa, nimekubali. Wiki ya pili wakaleta mtindo wa "alika watu watatu upande nafasi 50". Nikaamka niko 431, kesho yake 455, yaani nimeingia mkupuo wa nane bila kufanya kosa lolote. Mtindo huo Robinhood waliutumia mwaka 2013 kukusanya watu kabla ya programu yao ya kununua hisa kuanza, na ulifanya kazi. Lakini programu ya simu ikishafunguliwa, aliyerukwa anasubiri siku chache. Mashine ya mbao, bati na feni inatoka 60 kwa mkupuo. Kumsukuma mtu mkupuo mzima nyuma ni kumsukuma msimu mzima wa kutotolesha. Niliwaandikia. Kijana aliyejibu alinisalimu vizuri, akaniambia, "Kaka, si wewe peke yako uliyelalamika." Baada ya siku tisa waliufuta mtindo huo na kila mmoja akarudishiwa namba yake. Niko 412 tena, na sasa ukurasa una sentensi inayosema namba yako haitarudi nyuma kamwe.

La pili ni dogo, ila mimi nalihesabu. Wiki ya kwanza kitufe cha chini kabisa kilikuwa na maneno "Inakuja hivi karibuni!" Kwenye kazi yangu maneno hayo nayachukulia kama tarehe iliyovaa kanga. Kila anayesoma anaijaza mwenyewe: mmoja anaelewa wiki ijayo, mwingine kabla ya Pasaka, na wote watakudai. Kitufe sasa kinasema "Niwekeeni nafasi", ila "hivi karibuni" bado imejificha mwishoni mwa kila meseji, kwenye mkia ambao sikuunukuu hapo juu, nadhani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuhariri ule mkia.

La tatu: hawasemi popote nikibadilisha namba ya simu nafasi yangu inakwenda wapi. Foleni ya miezi inayoshikiliwa na laini ya simu inahitaji jibu la hilo, maana laini hupotea na simu huibwa. Nimeuliza mara mbili, nimeambiwa "tunalifanyia kazi".

Baada ya feni mpya, mzunguko wa kwanza ulivuka tena. Mashine ya mwisho kwa ubora ilitoa vifaranga 69 kwenye mayai 81 yenye mbegu. Wa pili umeanza Jumapili iliyopita. Nimezungushia siku ya 21 duara jekundu kwenye kalenda ya jikoni, na mke wangu ameshaniuliza hiyo ni sherehe ya nani na kama tunatakiwa kuchanga.