Tovuti ya harusi Tanga: kipi ununue, kipi uache

Kila kamati ya harusi huuliza tovuti ipi inapendeza zaidi. Mimi huuliza kwanza: nani atamwambia mpishi idadi ya sahani? Kadi zetu ni za singo na dabo, na nimezipanga chaguo hizi nne kwa kuangalia ipi inaijua hesabu hiyo.

Ya kwanza, na haina gharama, ni ukurasa wa Google Sites wenye fomu ya Google Forms ndani yake. Yeyote kwenye kamati mwenye simu na kompyuta ya kuazima huutengeneza kwa jioni moja. Fomu iwe na maswali matatu tu: namba ya kadi, mtakuja wangapi (0, 1 au 2), na namba ya simu. Namba ya kadi ndiyo kitasa cha kazi nzima, kwa sababu "Mama Asha" wanaweza kuwa watano, lakini kadi 047 ni moja.

Mtego mkubwa uko kwenye mipangilio. Ukiwasha "Limit to 1 response", mgeni atadaiwa kuingia na akaunti ya Google kabla ya kujibu. Shangazi wa Pangani aliyesahau nywila yake ataifunga simu, na hutajua kwa nini hakujibu. Iache imezimwa, ukubali kwamba wengine watajibu mara mbili, kisha uwachuje kwenye jedwali la majibu la Google Sheets.

Harusi moja niliyoshika daftari huko Raskazone ilikuwa na kadi 180: dabo 120 na singo 60, yaani watu 300 kwa ujumla. Majibu yalipofika 204 nikajumlisha safu ya idadi, nikapata 341. Watu wameuzidi ukumbi kwenye karatasi! Jumla ikipita viti vya kadi ulizotoa, jua kuna marudio, au kuna mwenye singo aliyejiandikia wawili. Kwa marudio, muda wa jibu ukiwa safu A, namba ya kadi B na idadi C, fomula hii hubakiza jibu la mwisho la kila kadi:

```
=SUM(INDEX(SORTN(SORT(A2:C,1,FALSE),500,2,2,TRUE),0,3))
```

Ikashuka hadi 262, kutoka kadi 160. Zile 20 zilizobaki kimya tulizigawana watu wanne, tukapiga simu. Hakuna tovuti itakayokufanyia hilo. Namba ya kadi lakini iandikwe kwa mtindo mmoja, maana fomula huona "47" na "Kadi 47" kuwa kadi mbili.

Kwenye ratiba, andika "saa 1:00 usiku (19:00)". Ukiandika 7:00 peke yake, kuna atakayesoma saa saba. Kwa maelekezo, pini ya ramani iwekwe getini, si katikati ya jengo, halafu uifungue kwa simu ya mtu mwingine uone inampeleka wapi. Wa basi waambie washuke stendi ya Kange, wachukue bajaji, na uwatajie jina ambalo dereva wa bajaji analijua. Wanaotoka Dar es Salaam kwa gari dogo wakumbushwe kukata kulia Segera, wapite Muheza. Anayelala usingizi garini atazindukia Korogwe.

Ya pili ni kadi ya kidijitali yenye msimbo wa QR, ile inayotumwa kwa WhatsApp na kuskaniwa mlangoni. Hapa unalipia ulinzi wa mlango, na kwa ukumbi uliojaa inalipa. Kabla ya kutoa hela, muulize muuzaji mambo mawili: je, kadi ya dabo ikiskaniwa na mmoja, mwenzake akija baadaye ataingia? Na mtandao ukikatika, skana inafanya kazi? Akisita, mwombe akuoneshe hapo hapo, data ikiwa imezimwa.

Ya tatu, tovuti ya fundi yenye domeni yake. Kwa harusi ya siku moja ni kumchinjia ng'ombe mgeni wa chai. Kwa kongamano linalorudi kila mwaka, lenye wazungumzaji na ratiba inayobadilika asubuhi ileile, ina maana. Domeni isajiliwe kwa jina lenu na barua pepe yenu. Sisi tuliwahi kumwachia fundi kila kitu. Mwaka wa pili simu haipokelewi, na anwani iliyokwisha kuchapishwa kwenye mabango haifunguki.

Ya mwisho ni tovuti za harusi za nje zenye violezo vya maua. Zinapendeza kweli. Ila zimejengwa kwa orodha ya zawadi za dukani, si kwa michango na ahadi, na mgeni huongezwa "mwenzi" bila kujua singo wala dabo. Zinamfaa bwana harusi ambaye wageni wake wengi wako ughaibuni, na hata huyo bado atahitaji fomu yetu kwa wageni wa Ngamiani.